Karata tatu za mapenzi, na ile ya nne

Shoga yangu,

Wewe umezishika karata za taroti tangu mimi sijazijua, ndiyo maana nakuletea wewe jambo hili. Yule bwana tuliyeachana mwaka jana bila ugomvi wa maana ameanza tena kunitumia ujumbe usiku. Anasema ananikumbuka, anasema iko siku tutakaa tuyaongee, ila siku yenyewe haitaji. Juzi nilichanganya karata nikauliza, "Je, atarudi?" Nikalaza tatu: ya kwanza mimi, ya pili yeye, ya tatu kilichopo kati yetu. Zikatoka Vikombe Sita, Mpanda Farasi wa Vikombe na Panga Mbili, zote wima. Kijitabu kilichokuja na karata kinasema ya kwanza ni mpenzi wa zamani kurudi, ya pili ni posa njiani, ya tatu ni uamuzi mgumu. Hiyo ya tatu ilinikaa vibaya, nikachomoa ya nne inifafanulie. Wakatoka Wapenzi! Nilifurahi mno. Mbona basi usingizi bado haunijii? Niambie ukweli, lakini usinivunje moyo.

* * *

Shoga yangu mpenzi,

Hiyo ya nne naiweka kando kwanza. Nitairudia, maana ndiyo iliyokupa furaha, na sitaki uone kama nakupokonya. Ila kusoma kwako ni zile tatu ulizozilaza kabla hujakutana na kitu cha kukutisha, na zenyewe zimesema mengi.

Kuna jambo kijitabu hakikuweza kukuambia, kwa sababu kimeandikwa kwa ajili ya kila mtu na hakikuona meza yako. Umeuliza "atarudi?", na hilo ni swali la kesho. Kisha ukapanga nafasi zako: mimi, yeye, kati yetu. Hebu ziangalie tena. Kati ya hizo tatu hakuna hata moja ya kesho. Zote zinaeleza mambo yalivyo leo. Ni kawaida sana kwa anayejisomea mwenyewe: moyo unauliza kimoja, mkono unapanga kingine, halafu karata inalazimishwa kujibu swali ambalo haikuwekewa nafasi.

Na nafasi ndiyo inayoipa karata mdomo. Vikombe Sita ikilala pale tunapopaita "yaliyopita", nitakwambia mlianza kwa upole na mlipendana bila hesabu. Ikilala kwenye "yajayo", nitasema, tena kwa tahadhari, kwamba mtu au jambo la zamani huenda likabisha hodi. Kwako haikulala huku wala kule. Imelala kwenye "mimi". Kwa hiyo haimzungumzii yeye kurudi. Inakuzungumzia wewe, na mahali ulipokaa hivi sasa.

Itoe uiangalie kwa macho yako, usisome maandishi ya mtu. Kijana amevaa kofia nyekundu ya kufunika kichwa, ameinama kumpa msichana mdogo kikombe. Wako uani kwenye nyumba ya kizamani. Nyuma yao, upande wa kushoto, kuna mtu mzima ameshika mkuki, anaondoka zake, wala hawamtazami. Wasomaji wengi huishia kwenye utamu wa wale wawili: utoto, kumbukumbu, mapenzi ya zamani. Si uongo. Mimi huwa naangalia vikombe vyenyewe. Vyote sita vimejaa maua meupe. Vinapendeza, lakini ukiwa na kiu, humo hamna cha kunywa.

Kwenye nafasi yako naisoma hivi: unaishi na jinsi mlivyokuwa kuliko mlivyo. Anapokuandikia usiku, anayekujia akilini ni yule wa mwanzo, na wewe unayemjibu ni yule wa mwanzo pia. Kumpenda mtu mliyepitia naye mazuri si kosa wala si udhaifu. Ninachokuomba ni kupima jambo moja tu. Ukizisoma tena jumbe zake za mwezi huu, je, kuna kitu kipya ndani yao, au zote zinazungumzia mlichofanya zamani? Kama zote ni za zamani, basi karata imeeleza kilichopo kwenye simu yako, haikutabiri chochote.

Sasa ya pili, ambayo najua ndiyo uliyoikumbatia. Mpanda Farasi wa Vikombe ana sifa ya kuleta posa, barua, mwaliko, na sifa hiyo si ya kubuni. Ndivyo anavyosomwa tangu zamani. Hata picha inasema hivyo. Amevaa kofia ya chuma yenye mabawa, kikombe amekinyoosha mbele kama mtu anayekileta kwa mwenyewe. Lakini seti ina wapanda farasi wanne, na njia nzuri ya kumjua mmoja ni kumweka pamoja na wenzake. Fanya hivyo leo, walaze wote wanne kwa mstari. Farasi wa Fimbo amesimama kwa miguu ya nyuma, ana moto. Wa Panga anakwenda mbio kama risasi. Wa Sarafu amesimama tuli kabisa, mguu haunyanyuki. Na huyu wetu wa Vikombe anatembea. Shingo imejikunja vizuri, mguu mmoja juu, taratibu, kama yuko kwenye maonyesho. Mbele yake kuna mto, na hajauvuka.

Kwa hiyo, kwenye nafasi ya "yeye", sisomi kwamba posa iko njiani. Nasoma mtu mwenye maneno matamu ambaye, kwa kadiri karata inavyoonyesha, anayasema kwa dhati. Hilo nataka ulisikie, maana najua utaogopa kwamba nitakwambia anakuchezea. Karata hii si ya mwongo. Seti inazo karata zinazogusa hila, Panga Saba ni mojawapo, na hapa haikutoka. Tabu ya huyu wa Vikombe ni nyingine: anaipenda ile hali ya kuleta kikombe. Hisia yenyewe inamtosha. Akishasema "nakukumbuka" na wewe ukajibu kwa upole, kwake jambo limekwisha kufanyika, analala salama. Wewe ndiye unayebaki macho ukingoja kivuko.

Nafasi ya "yeye" ina mpaka wake, na nisingekuwa nakutendea haki nikiupita. Yeye hakuwepo ulipochanganya karata. Hakuuliza, hakukata, hajui. Karata iliyolala pale inaeleza mtu anavyojionyesha kwako, na wewe unavyompokea. Haiingii moyoni mwake. Wapo wasomaji watakaokwambia anachowaza saa hii, na kama kuna mwanamke mwingine, na jina lake linaanza na herufi gani. Mimi siwezi, na sijawahi kumwona aliyeweza. Kumbuka karata hizi zilianza kaskazini mwa Italia katika karne ya 15 kama mchezo wa mezani tu, na kusomea watu mambo yao kukaja kushika kasi Ufaransa mwishoni mwa karne ya 18. Hizo picha ulizo nazo nyumbani ni za 1909, zilichorwa London na msanii Pamela Colman Smith. Kabla ya hapo, kwenye seti nyingi Vikombe Sita ilikuwa vikombe sita vimepangwa, bila kijana wala msichana. Nakupa habari hii si kwa sababu naidharau kazi yangu. Nataka uone kwamba picha zinatusaidia kujitazama vizuri, ila hazijabeba barua kutoka kwake.

Kuna kitu kingine utakiona ukizipanga tena kama zilivyotoka. Mpanda farasi wako yuko katikati, na uso wake unaelekea kulia. Maana yake ameipa mgongo karata yako, na anaitazama ile ya tatu. Wapo wanaojenga nyumba nzima juu ya mielekeo kama hii. Mimi huipa uzito mdogo, kwa sababu ungeanza kulaza na "yeye", angekuwa anakutazama wewe. Lakini ilivyotokea inafaa kututia kwenye karata ya tatu, ambayo ndiyo kiini cha kusoma huku na ndiyo uliyoikimbia.

Panga Mbili haina damu wala jeraha. Mwanamke amekaa kwenye benchi la jiwe, kitambaa cheupe kimemfunga macho, ameshika mapanga mawili na kuyapishanisha kifuani. Nyuma yake kuna maji yametulia, mawe yanachungulia, na mwezi mwembamba juu. Wengi huiogopa kwa sababu ya macho yale. Lakini maana zake za kale si mbaya hata kidogo, zinataja amani, mapatano, urafiki wa watu waliokuwa na silaha. Ni amani, kweli. Tatizo ni jinsi inavyopatikana: hakuna anayegusa kitu. Mapanga yakibaki pale yalipo, hakuna atakayeumia, na hakuna atakayemkaribia mwenzake pia.

Wewe umeilaza kwenye "kati yetu", kwa hiyo msimamo huu si wako peke yako. Mnao wote wawili. Katika yote uliyoniandikia, sioni mahali ulipomuuliza anataka nini, na sioni mahali aliposema. Hamkugombana mlipoachana, kwa hiyo pia hamkumaliza. Nadhani mnaogopa kitu kilekile: swali likiulizwa, jibu litakuja, na likija jumbe za usiku zitageuka kuwa kitu kingine au zitakoma. Ndiyo maana hamuulizani. Hapo ndipo usingizi wako unapopotelea, shoga, hata baada ya Wapenzi kutoka. Mikono iliyobeba mapanga namna ile huchoka, hata kama maji nyuma yametulia.

Sasa tazama mikono ya yule mwanamke. Haikufungwa. Kitambaa kiko machoni, lakini hakuna kamba popote kwenye karata ile. Ukitaka kuona mwanamke aliyefungwa kweli, itafute Panga Nane, huyo kazungushiwa vitambaa mwili mzima. Wa kwako anaweza kushusha mapanga na kukivua kitambaa saa yoyote atakayoamua. Kijitabu kimekuambia "uamuzi mgumu" na wewe ukasikia kwamba unatakiwa kuchagua kati ya kumrudia na kumwacha. Bado hujafika huko. Huwezi kuchagua usichokiona. Uamuzi uliopo mezani ni mdogo zaidi: kuuliza, au kuendelea kutouliza.

Ukiziunganisha zote tatu kwa sauti moja, nasikia hivi: wewe umekaa kwenye mazuri ya zamani, yeye analeta hisia bila kuvuka mto, na kati yenu kuna swali ambalo nyote mnalikwepa ili msipoteze utulivu huu. Hakuna karata iliyosema harudi. Hakuna iliyosema anarudi. Vikombe viwili kati ya karata tatu vinaniambia hisia zipo, na nyingi. Vikombe ndivyo vinavyokaa pale kopa inapokaa kwenye karata za kawaida. Fimbo na Sarafu, yaani hatua na mambo ya maisha ya kila siku, hazikutokea. Hilo nalo lisikutishe kupita kiasi, kwa sababu karata tatu haziwezi kubeba jamii zote nne hata zikitaka. Nalitaja kwa kuwa linafanana na ulivyoniandikia: kukumbukana kupo, tarehe hakuna.

Haya, turudi kwa Wapenzi.

Sitaisoma kama jibu, na nakuomba na wewe usiisome hivyo. Karata ya kufafanua ina utaratibu wake. Unaichomoa pale karata iliyolala imekuwa fumbo, na unajua kabla hujachomoa ni karata gani unaifafanua na ni jambo gani hasa hukulielewa. Wewe Panga Mbili uliielewa vizuri tu. Haikukupendeza. Na mtu akichomoa kwa sababu hakupendezwa, atachomoa hadi apendezwe, kisha atasimama. Ingetoka Mnara, ungechomoa ya tano. Sema kweli. Karata ya namna hiyo inaonyesha mahali mtu alipoamua kuacha, na hata kama ni nzuri kiasi gani, moyo unajua ilivyopatikana. Pengine ndiyo maana furaha yake haikufika hadi usiku.

Tena hata ingekuwa imetoka kihalali, Wapenzi haiahidi ulichosikia. Kwenye seti za kale za mtindo wa Marseille, karata hiyohiyo inaonyesha mwanamume amesimama kati ya wanawake wawili, na juu yao Kyupidi anavuta upinde. Hapo husomwa kama karata ya kuchagua. Kwenye yako, mwanamume anamtazama mwanamke, na mwanamke anamtazama malaika aliye juu. Ningeisoma kama kufafanua Panga Mbili, ningekwambia lilelile: kuna la kuamua, na litaamuliwa macho yakiwa wazi. Kwa hiyo hujapoteza kitu kwa kuiweka kando.

Usichanganye tena karata kwa swali hili. Swali moja likiulizwa kila jioni, majibu yanaanza kupingana, na utaanza kuokota yale unayoyapenda. Mimi hungoja mpaka kuna kitu kimebadilika nje ya meza: limesemwa jambo, limefanyika jambo. Na ukija kulaza tena, andika swali kwenye karatasi, andika nafasi tatu chini yake, ndipo uguse karata. Swali liwe juu yako, maana wewe ndiye uliyepo. "Ninaogopa kusikia nini?" linasomeka. "Nahitaji nini ili nitulie?" linasomeka. "Atarudi?" ni la kumuuliza mwenye miguu.

Na umuulize. Najua ndicho ulichotumai sitakisema. Usimuulize usiku akiwa amekwisha kuandika maneno yake mazuri, kwa sababu saa hiyo wote wawili mko uani kwenye Vikombe Sita. Muulize mchana, kwa sentensi fupi, bila lawama na bila kumbembeleza. Kitu kama: "Umesema mara kadhaa tukae tuyaongee. Mimi niko tayari. Ni siku gani?" Basi. Usiongeze maelezo, usimrahisishie kwa kusema "kama una nafasi", usimtajie karata.

Kisha soma jibu lake kwa makini uleule unaosomea meza. Akitaja siku na akaja, farasi amevuka mto. Yatakayofuata mtayajua mkiwa uso kwa uso, na huenda yakawa mema. Akikwambia bado hajui anataka nini, hilo nalo ni jibu la mtu mzima, na unaweza kumwambia akijua atakutafuta, ila jumbe za usiku zikome kwa sasa. Akikujibu kwa utamu mwingine, "hujui tu ninavyokuwaza", bila siku, basi amekuletea kikombe cha maua kwa mara nyingine. Usimjibu papo hapo. Acha siku kadhaa zipite, umuulize mara ya pili kwa maneno yaleyale. Ya tatu sitakushauri.

Ukipata jibu, liwe lolote, niandikie neno kwa neno kama alivyolisema yeye. Hilo nitalisoma pamoja nawe, na ikibidi nitakuja tulisomee mezani kwako, karata zikiwa ndani ya boksi lake.

Ni mimi, shoga yako.